Kamera Yenye Maoni Yake

Baba yangu anauza mawe ya thamani, yale madogo yanayotoka upande wa bonde la Umba. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Ngamiani, mjini Tanga, ndicho ofisi yake. Kina meza moja, mizani ndogo yenye kifuniko cha kioo, na dirisha ambalo jua haliingii moja kwa moja. Ameshakataa kuhama nyumba mara mbili kwa sababu ya dirisha hilo. Mama alikuwa akisema kwamba baba alimchagua yeye siku moja na dirisha siku nyingine, na hakumbuki lipi lilitangulia.

Mimi nafanya kazi duka la dawa na nilirudi kuishi na baba baada ya mama kufariki. Mawe siyajui. Najua kwamba yasiguswe, na kwamba mtu akija na jiwe lililofungwa kwenye karatasi, chai ipelekwe kabla karatasi haijafunguliwa, kwa sababu baada ya hapo hainyweki.

Mwaka huo baba alipata jiwe la garneti la aina ambayo hupatikana kwa nadra. Mchana lilikuwa la kijani chenye ukijivu, kama maji ya mkoko. Ukilipeleka kwenye mwanga wa mshumaa liligeuka zambarau yenye wekundu, kama juisi ya zabibu. Jiwe ni lilelile, mwanga ndio tofauti. Baba alinionyesha akiwa amenyamaza, jambo ambalo kwake ni sherehe.

Mnunuzi aliyemfikiria alikuwa mwanamke aliyekua naye mtaa mmoja. Familia zao zote mbili zilikuwa za Wahindi wa Kiislamu waliohamia zamani, zenye maduka ya nguo, na utotoni walifunzwa Kurani na mwalimu mmoja. Yeye aliolewa ng'ambo na sasa ana duka la sonara huko, lakini Kiswahili chake hakijahama. Anamwita baba "bhai", yaani kaka, na baba anamwita dada, na walikuwa hawajagombana tangu utotoni kwa sababu hawakuwa wamefanya biashara pamoja.

Kabla ya baba kulisafirisha jiwe, kupitia soko la madini na karatasi zake zote, dada huyo alitaka kuliona. Kwa hiyo baba aliagiza kutoka Dar kamera ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta. Ilikuja na basi, imefungwa vizuri kuliko mawe yake. Niliifunga kwenye mkono wa taa ya mezani iliyokufa, ikatazama chini, juu ya karatasi nyeupe. Baba akaishika garneti kwa kibano, tukapiga simu ya video.

"Shikamoo, shangazi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Baba yako mbona wa buluu?"

Baba hakuwa wa buluu. Alikuwa ameinama kupita chini ya kamera kuokota miwani. Alipoondoka picha ikawa nyeupe, kisha ikawa ya manjano kidogo, kisha ikatulia.

"Haya," baba akasema. "Tazama jiwe."

Akalileta chini ya lenzi. Kamera ikaangalia jiwe, ikaangalia kidole chake, ikaangalia karatasi, ikarudi kwenye kidole. Kila ilipohama, picha ilivimba na kunywea kama kitu kinachopumua. Kucha ya baba ilionekana vizuri sana, hata alama aliyoachiwa na mlango wa gari. Jiwe lilikuwa doa.

"Naona kidole," shangazi akasema.

"Ngoja litulie."

"Sasa naona karatasi."

Baba akalisogeza karibu mpaka likajaza nusu ya picha. Hapo likaonekana, tukalitazama kwenye kioo cha kompyuta. Lilikuwa la zambarau. Ilikuwa mchana kweupe, dirisha wazi, na mkononi mwake jiwe lilikuwa kijani kama kawaida.

"Umesema mchana ni la kijani, bhai."

"Ni la kijani."

"Mimi naona zambarau."

"Sasa?"

"Sasa kijivu. Sasa zambarau tena. Umewasha taa gani hapo?"

"Sijawasha taa. Ni dirisha."

Shangazi ana sauti ya upole, na upole huo ulizidi kidogo. "Bhai, kama jiwe ni zuri halihitaji mchezo wa taa."

Baba alikata simu. Alikata kwa adabu, kwa kusema kwamba ana mgeni, na kwa kuwa mgeni hakuwepo alikwenda akakaa barazani kama anayemsubiri. Kwa siku kadhaa aliniambia kwamba kuna watu wanaokwenda ng'ambo wakasahau jinsi mtu mwaminifu anavyoonekana. Nilimwambia kwamba hakuna aliyemwona, waliona kucha. Hakucheka.

Mimi ndiye niliyebaki na kamera. Nilikuwa naingia kazini mchana, asubuhi nikawa nakaa mbele yake na kuiwekea vitu. Niliweka karatasi tupu, ikawa kijivu. Niliweka chupa ya chai, ile kubwa nyekundu, na karatasi iliyokuwa nyeupe ikaanza kuwa na ukijani. Nikaondoa chupa, weupe ukarudi polepole. Nikaweka mkono wangu, karatasi ikang'aa mpaka mistari yake ikapotea. Nikaondoa mkono, ikarudi kuwa kijivu.

Nilielewa kwamba kamera haikuwa mbovu. Ilikuwa na maoni. Ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Ikiona kitu cheusi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Ikijazwa wekundu inadhani taa ndiyo nyekundu, inaongeza ukijani ili kusawazisha. Na ikijazwa jiwe la kijani inadhani mwanga wa dirisha letu umeharibika, inautia uzambarau kwa nia njema kabisa. Ilikuwa inamsahihishia baba jiwe lake.

Nilimweleza wakati wa chakula.

"Kwa hiyo inanipinga," akasema.

"Haijui kuwa ni jiwe, baba. Inakisia."

"Nani ameiomba ikisie?"

"Imeumbwa hivyo. Kwa ajili ya nyuso za watu."

Akatafuna. "Iambie iache."

Kwa kweli iliambika. Kwenye mipangilio ya kamera, ndani kabisa, kulikuwa na mistari ya kuburuta: fokasi, mwangaza, weupe wa rangi. Mwisho wa kila mstari kulikuwa na kijisanduku chenye tiki, maana yake kamera ijiamulie yenyewe. Nikaitoa tiki ya fokasi. Nikaburuta mpaka mikwaruzo ya kibano ikaonekana, nikaacha hapo. Kamera ikaacha kupumua. Nilipita mkono chini yake na haikunijali.

Shida ni kwamba ukiifunga fokasi, kamera huona umbali mmoja tu, na mkono wa baba hauna umbali mmoja. Ana miaka mingi na kahawa nyingi. Akilipandisha jiwe kwa upana wa kidole, ukungu. Tukageuza kopo la maziwa ya unga, tukaweka karatasi juu yake na jiwe juu ya karatasi, na baba akaambiwa asiguse. Aliketi ameweka mikono mapajani kama mtu aliyeitwa polisi.

Tiki ya mwangaza nayo nikaitoa. Hapo nilikosea kwanza, nikafupisha mno muda wa kamera kupokea mwanga, na kwa kuwa taa ya mrija ya darini ilikuwa inawaka, mistari ya giza ikaanza kupanda kwenye picha kama ngazi. Umeme wetu hupwitapwita mara hamsini kwa sekunde, na mle ndani kamera ilikuwa imewekewa sitini, ya nchi nyingine. Nikaiwekea hamsini, nikarefusha muda, nikazima taa ya mrija kabisa, mistari ikaondoka. Kulikuwa na kitu kingine kinachoongeza mwanga kikiona giza, nacho nikakizima. Nikashusha mwangaza mpaka karatasi ikawa nyeupe bila kuungua, na jiwe likawa na kina.

Mwisho nikatoa tiki ya weupe. Nikaburuta namba mpaka karatasi kwenye kioo ikafanana na karatasi mezani, nikaacha. Jiwe likawa kijani chenye ukijivu.

Baba aliinama akatazama kioo, akatazama jiwe, akatazama kioo.

"Ndilo," akasema.

Huo ulikuwa mchana. Bado usiku, yaani upande wa pili wa jiwe. Tulifunga mbao za dirisha, tukatundika blanketi, baba akawasha mshumaa. Kwa macho jiwe liligeuka mara moja. Kwa kamera kulikuwa na giza lenye chengachenga, na kila mshumaa ulipoyumba jiwe liliyumba nao. Nikajaribu taa ya chumbani kwangu, moja ya hizi za kisasa za kuokoa umeme zenye mwanga mweupe. Mwanga ulitosha, lakini jiwe lilibaki kijani.

"Taa hizo hazina wekundu wa kutosha," baba akasema. "Zinaonyesha kitu ni cheupe, lakini wekundu wenyewe haumo. Tunahitaji globu ya zamani. Yenye waya ndani."

Nilizunguka maduka yote ya umeme Ngamiani. Wenye maduka walinitazama kama niliyeomba redio ya mbao. Mmoja alinishauri niwe na subira na maendeleo. Mwingine aliniuliza kama nafuga kuku, kwa sababu wafugaji pekee ndio bado wanaziulizia, kwa ajili ya joto.

Hapo nikamkumbuka rafiki ya mama, mwalimu mstaafu, Mlutheri kutoka milimani Usambara aliyejenga Pongwe, nje ya mji, na kufuga vifaranga. Nilikwenda kwa pikipiki ya kukodi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Amenituma globu."

Alinipeleka bandani. Vifaranga walikuwa wamejazana chini ya globu tatu, wakinong'ona. Joto lilikuwa kama la mwanzo wa mkutano wa wazazi.

"Za nini?"

"Za kumwonyesha mtu jiwe."

"Jiwe halioni baridi," akasema. "Hawa wanaona."

Nilimweleza habari yote, kamera, kidole, zambarau, mchezo wa taa. Alisikiliza kama anayesahihisha insha. Mwishowe akasema atanipa moja, lakini irudi kabla jua halijazama, na kwa muda huo ataweka jiko la mkaa karibu na atakaa nalo mwenyewe kwa sababu jiko haliaminiki. Akaifungua globu kwa kanga, akaipuliza, akanipa.

"Mwambie baba yako," akasema, "kuna ndege mia wanamsubiri."

Nyumbani tulifunga dirisha tena, tukaiwasha globu pembeni ya kopo. Kwa macho, zabibu. Kwa kamera, kila kitu kilikuwa rangi ya chungwa, karatasi, kopo, jiwe, kwa sababu nilikuwa nimeiacha kwenye weupe wa dirisha. Nikashusha namba mpaka karatasi ikarudi kuwa nyeupe. Ikabidi na muda wa mwangaza nao nirefushe. Kisha jiwe likatokea, zambarau yenye wekundu, juu ya karatasi nyeupe kweli. Niliandika namba za dirisha na namba za globu kwenye kipande cha plasta, nikakibandika pembeni ya kioo.

Baba alitaka tupige simu palepale. Shangazi alipokea akiwa na watu dukani kwake.

"Bhai. Mgeni wako ameondoka?"

"Ameondoka. Nipe muda wako kidogo. Sikuombi uamini, nakuomba utazame."

Aliposema hivyo niliona kwamba hakuwa na hasira tena, alikuwa na hofu. Jiwe linaweza kuuzwa kwa mwingine. Lakini kuitwa tapeli na mtu aliyekuona ukilia kwa mwalimu wa Kurani, hilo halina mnunuzi wa pili.

Nilifungua dirisha, nikaweka namba za dirisha. Shangazi akatazama.

"Karatasi ni nyeupe?" akauliza.

"Nyeupe," nikasema. "Kwako?"

"Nyeupe. Weka jiwe jingine pembeni. La kawaida. Garneti nyekundu ya siku zote, nijue kamera inasema nini."

Baba akaiweka bila kuuliza, na niliona kwamba alipenda kuombwa hivyo. Nyekundu ilikuwa nyekundu, kijani ilikuwa kijani. Hakuna kilichopumua. Nilifunga mbao, nikashusha blanketi, nikawasha globu, nikaanza kuburuta namba.

Umeme ukakatika.

Chumba kikawa giza, kompyuta ikafa, simu ya video nayo. Nilimsikia baba akivuta pumzi na kuihifadhi. Tulikaa gizani na blanketi dirishani, mchana, kama watu wanaojificha kwa sababu ya deni.

"Atafikiri nimekata tena," akasema.

"Nitampigia kwa simu ya mkononi."

Nilimpigia, nikamweleza. Akasema, "Umeme wa Tanga naukumbuka," na hilo lilimsaidia baba zaidi ya maneno yangu yote.

Umeme uliporudi niliwasha kompyuta, nikapiga tena, na picha ya kwanza aliyoiona shangazi ilikuwa karatasi ikigeuka rangi na jiwe likivimba na kunywea. Kamera ilikuwa imesahau kila kitu. Ikizimwa kabisa hurudi kwenye maoni yake, tiki zote mahali pake, hata hamsini imerudi sitini. Baba alitaka kuishika.

"Usiiguse, baba. Dakika moja."

"Inafanya makusudi."

"Bhai," shangazi akasema kutoka kwenye kioo, "mwache mtoto afanye."

Nina miaka arobaini na kitu. Nilifanya. Nilitoa tiki moja baada ya nyingine, nikifuata plasta, huku yeye akitazama kila hatua: jiwe likaacha kupumua, karatasi ikaacha kuhama, chungwa likaondoka, weupe ukaja. Nadhani hiyo ndiyo iliyomshawishi kuliko jiwe lenyewe. Aliona kile alichodhani ni mkono wa baba kikifungwa mbele yake, tiki kwa tiki, na baba ameweka mikono mapajani.

Garneti ya kawaida ilibaki nyekundu. Ya pili ilikuwa zabibu.

Nyuma ya shangazi kulikuwa na mtu dukani akiuliza bei ya hereni, hakujibiwa.

"Sasa naliona," akasema. "Lina unyoya upande wa kulia."

Unyoya ni ufa mwembamba sana ndani ya jiwe. Baba alikuwa amemwambia habari zake siku ya kwanza, kabla ya kamera kuwashwa, na kwa siku zote hizo hakuna aliyeukumbuka kwa sababu hakuna aliyeweza kuuona.

"Nilikuambia," baba akasema.

"Uliniambia. Nilidhani umenitajia dosari ndogo ili nisitafute kubwa." Akakohoa. "Nisamehe kwa lile neno la taa."

"Neno gani?" baba akauliza. Alikuwa analikumbuka kwa vituo vyake vyote.

Shangazi alikubali kulinunua jiwe. Mimi sikubaki kusikia mengine kwa sababu ilinibidi niifungue globu ikiwa bado ya moto, kwa taulo, na kuirudisha Pongwe. Mwalimu alikuwa ameketi bandani karibu na jiko, anasoma gazeti la kanisa, na vifaranga wawili mapajani. Akaniuliza kama jiwe limeonekana. Nikasema limeonekana. Akairudisha globu mahali pake, ikawaka, na wale vifaranga wakahama wote kwa pamoja kutoka upande wa jiko, bila shukrani.

Baadaye, jiwe lilipomfikia, shangazi alimwandikia baba kwamba mkononi ni zuri kuliko kwenye video. Aliandika kama sifa. Baba aliusoma ujumbe mara kadhaa na akaudhika, kwa kuwa kwa maoni yake kwenye video lilikuwa sawasawa, na mtu anayeona tofauti ana kasoro dukani kwake, pengine taa. Walibishana kwa wiki nzima na wote wawili walionekana kufurahi.

Mimi nilidhani kamera sasa itatumika na nyumba nzima. Dada yangu mdogo yuko Arusha, ana watoto, na wanapenda kumwona babu yao. Niliwaambia wapige kupitia kompyuta, picha ni kubwa. Lakini baba alikuwa ameshajifunza kuzitoa tiki mwenyewe, na anazitoa kila asubuhi baada ya kuwasha kompyuta, kabla ya chai, kama mtu anayefungua kufuli za duka. Anaweka namba za globu, kwa sababu ndizo anazozipenda. Nimemwazimia globu nyingine kwa mwalimu, hii ya kudumu, kwa mabadilishano ya dawa ya minyoo ya kuku.

Watoto walipopiga, baba akaigeuza kamera imtazame. Dirisha lilikuwa wazi. Kamera ilikuwa imefungwa kwa mwanga wa globu na kwa umbali wa kopo la maziwa. Wajukuu wakaona kivuli cha buluu, hakina macho wala mdomo, kikisema kwamba shikamoo zao kimezisikia.

"Baba," nikanong'ona, "hapo ungeiachia ijiamulie. Ni kwa ajili ya nyuso."

"Niiachie tena?"

"Kwa dakika hizi tu. Wanakuona wa buluu."

Alikisogelea kioo, akamtazama vizuri yule mtu wa buluu asiye na uso. Nilidhani atakubali.

"Sauti wanaisikia?" akauliza.

"Wanaisikia."

"Basi wananijua," akasema, akaanza kuwauliza habari za shule.